Vichwa vya Jedwali la Bei: Tenganisha Kiswahili na Kiingereza, Usifute Hata Kimoja



Siku hizi majedwali ya bei za mazao yanatembea sana kwenye simu. Katibu wa AMCOS anatuma, dalali anatuma, kikundi cha wauza nafaka nacho kinatuma, na wengi wenu mnayafungua kwa Google Sheets au Excel hapo hapo kwenye simu janja. Leo nazungumzia mstari mmoja tu wa majedwali hayo, ule wa juu kabisa unaobeba vichwa vya safu. Mara nyingi kisanduku kimoja cha mstari huo hubeba lugha mbili kwa pamoja. Utakuta `Mahindi (Maize)`, pembeni yake `Mtama / Sorghum`, na mbele kidogo `Uwele (Millet)`.

Maoni yangu ni kwamba vichwa vya namna hii vitenganishwe kabla jedwali halijatumika kwa hesabu yoyote. Kiswahili kikae kwenye safu yake, Kiingereza kwenye safu yake, na kipimo kwenye safu yake. Lakini kisifutwe kimojawapo. Naona watu wengi wakitaka kupunguza msongamano huchukua njia ya mkato: wanafuta maneno yote ya Kiingereza, au wanabakiza Kiingereza tu kwa sababu mnunuzi wa mjini anakielewa. Njia zote mbili zinaweza kukutoa shilingi mfukoni, na nitaonyesha ni kwa namna gani.

Kwa nini kisibaki kama kilivyo

Wapo watakaosema, "Mbona tunaelewa vizuri tu?" Kweli, jicho la binadamu linaelewa. Ukibandika karatasi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kichwa chenye lugha mbili hakimsumbui mtu. Tatizo linaanza pale unapotaka simu au kompyuta ikusaidie kazi.

Kompyuta haijui kwamba `Mahindi (Maize)` na `Mahindi/Maize` ni kitu kimoja. Kwake ni maneno mawili tofauti, kama vile Juma na Jumaa. Ukichukua jedwali la mwezi wa tatu lililoandikwa na katibu mmoja, ukaliunganisha na la mwezi wa nne lililoandikwa na mwingine kwa kutumia majina ya vichwa, utapata safu mbili za mahindi, kila moja ikiwa na nusu ya bei. Ukitafuta wastani unapata wa mwezi mmoja huku ukidhani ni wa miezi miwili. Na hakuna alama nyekundu itakayokuonya, kwa sababu kwa upande wa kompyuta hakuna kosa lililofanyika.

Kwa nini usifute

Sasa tazama vichwa hivi tisa. Nimevipanga mimi kwa ajili ya somo hili, lakini kila kimoja ni cha aina unayoweza kukutana nayo:

```
Date (Tarehe)
Mahindi (Maize)
Mtama / Sorghum
Uwele (Millet)
Ulezi (Millet)
Mpunga (Rice)
Mchele (Rice)
Maharage (njano)
Ushuru Sh/gunia (Levy)
```

Soma taratibu cha nne na cha tano. Uwele ni `Millet` na ulezi pia ni `Millet`. Mkulima wa Dodoma anayepika ugali wa uwele hawezi kuuchanganya na ulezi wa uji wa mtoto, au ule wanaopikia mbege kule Kilimanjaro. Ni mimea miwili tofauti, punje zake ni tofauti, na sokoni kila moja ina bei yake. Neno hilo la Kiingereza limezibeba zote mbili. Ukifuta Kiswahili, unabaki na safu mbili zenye jina moja, na atakayelipokea jedwali hana njia ya kujua ipi ni ipi.

Cha sita na cha saba ni hatari zaidi kwa mfuko wako. Mpunga una maganda, mchele umeshakobolewa, lakini aliyeandika vichwa ameviita vyote `Rice`. Tuseme siku hiyo mpunga ni shilingi 1,200 kwa kilo na mchele ni shilingi 2,000. Mfanyabiashara mwenye kilo 500 za mchele ghalani akisoma safu ya kwanza ya `Rice`, akakubali kuuza kwa 1,200, amepoteza shilingi 800 kwa kila kilo. Kwa kilo 500 hiyo ni shilingi 400,000. Hakuna aliyemwibia, ila neno moja limesimama mahali pa mawili.

Usidhani basi kwamba dawa ni kufuta Kiingereza. Kuna vichwa ambavyo Kiswahili chake ndicho kinachochanganya. Mtu akiandika `Viazi (Irish potatoes)` kwenye safu moja na `Viazi (Sweet potatoes)` kwenye nyingine, Kiingereza ndicho kinachokuambia kipi ni kiazi mviringo na kipi ni kiazi kitamu. Ukifuta hapo unabaki na viazi na viazi. Kila lugha inashikilia kitu ambacho nyingine imekiachia, na ndiyo maana nasema tutenganishe na tuzitunze zote.

Geuza vichwa visimame wima

Kabla ya hatua zenyewe tuelewane maneno. Safu ni ile inayoshuka kutoka juu kwenda chini, na hutajwa kwa herufi: A, B, C. Mstari ni ule unaokwenda kutoka kushoto kwenda kulia, na hutajwa kwa namba. Kisanduku ni pale safu na mstari vinapokutana, kwa mfano B2. Ukurasa ni moja ya zile karatasi zenye majina kule chini ya faili.

Anza kwa kutengeneza nakala ya faili zima, kisha ufanye kazi kwenye nakala. Jedwali ulilotumiwa liache kama lilivyokuja, kwa sababu utalihitaji ukitaka kuhakiki.

Kosa linalowakwamisha wengi ni kujaribu kutenganisha vichwa vikiwa vimelala hapo hapo kwenye mstari wa kwanza. Haiwezekani vizuri, na sababu ni rahisi. Ukigawa kisanduku B1 mara mbili, nusu ya pili inataka kwenda C1, na C1 tayari ina kichwa chake. Kutegemea njia uliyotumia, ama kichwa cha jirani kitafutwa, ama fomula itakataa na kukuandikia `#REF!`. Hivyo kwanza tunavisimamisha vichwa, kila kimoja kikae kwenye mstari wake na kuwa na nafasi tupu kulia kwake.

Tuseme ukurasa wenye bei unaitwa `Bei`. Ongeza ukurasa mpya, uuite `Vichwa`. Mstari wa kwanza wa ukurasa huo mpya andika majina ya safu zako: A ni Asili, B ni Alama moja, C ni Kiswahili, D ni Kiingereza, E ni Kipimo, na F ni Marudio. Kisha kwenye kisanduku A2 andika:

```
=TRANSPOSE(Bei!A1:I1)
```

Vichwa tisa vitashuka kutoka A2 hadi A10. Kama jedwali lako lina safu nyingi zaidi, badilisha herufi I iwe ya safu yako ya mwisho. Anayetumia Excel anaweza kunakili mstari wa vichwa, akaenda A2, akachagua `Paste Special` na kuweka tiki kwenye `Transpose`. Matokeo ni yale yale.

Alama zote ziwe moja, ndipo ukate

Vichwa vyetu vimetenganishwa kwa alama tofauti. Kingine kina mabano, kingine kina mkwaju, na vipo vile ambavyo mwandishi alishuka mstari ndani ya kisanduku hicho hicho, Kiingereza kikakaa chini ya Kiswahili. Ukitafuta fomula ya kukata kila alama peke yake utachoka. Ni rahisi zaidi kubadilisha alama zote kuwa moja ambayo haitumiki kwenye maneno ya kawaida, yaani kijistari kilichosimama `|`. Kwenye B2 andika:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,CHAR(10),"|"),"/","|"),"(","|"),")","")
```

Ni ndefu lakini kazi yake ni moja. `CHAR(10)` ni ile alama isiyoonekana ya kushuka mstari. Mkwaju na bano la kufungulia vinageuka kuwa `|`, na bano la kufungia linaondolewa kabisa. Kwa hiyo `Mahindi (Maize)` inakuwa `Mahindi |Maize`.

Sasa C2 ichukue kilicho kabla ya alama:

```
=TRIM(LEFT(B2,FIND("|",B2&"|")-1))
```

Na D2 ichukue kilicho baada yake:

```
=TRIM(MID(B2,FIND("|",B2&"|")+1,100))
```

`TRIM` inafuta nafasi tupu zilizobaki mwanzoni na mwishoni. Ile `&"|"` iliyomo ndani ni kinga: kichwa kisicho na alama yoyote kitaingia chote kwenye C na D itabaki tupu, badala ya fomula kulalamika. Ukimaliza, nakili B2 hadi D2 na ubandike kushuka mpaka mstari wa 10.

Kuna mambo mawili yanayoweza kufanya fomula ikatae. Ukinakili fomula kutoka kwenye ujumbe wa simu, alama za kunukuu zinaweza kugeuka zile zilizopinda, na jedwali halizitambui. Zifute uziandike upya kwa kidole chako. Pili, kwenye baadhi ya mipangilio ya lugha, jedwali linataka nukta mkato `;` mahali pa mkato `,`. Badilisha na ujaribu tena.

Soma matokeo kwa jicho la mkulima

Haya ndiyo utakayoyapata kwenye C na D:

```
Date       | Tarehe
Mahindi    | Maize
Mtama      | Sorghum
Uwele      | Millet
Ulezi      | Millet
Mpunga     | Rice
Mchele     | Rice
Maharage   | njano
Ushuru Sh  | gunia |Levy
```

Wengi hapa hufunga simu wakisema kazi imekwisha. Ndugu yangu, hapa ndipo kazi yako inapoanza. Fomula imekata mahali palipokuwa na alama, basi. Haijui Kiswahili wala Kiingereza, wala haijawahi kulima. Kabla ya kusahihisha chochote, fanya jambo moja ambalo halirukwi: chagua kuanzia A2 hadi D10, nakili, kisha bandika hapo hapo kwa `Paste special` na kuchagua `Values only`. Kwenye Excel chaguo hilo linaitwa `Values`. Kuanzia hapo unachokiona ni maneno ya kawaida, siyo fomula tena, na unaweza kuyaandika upya upendavyo. Usipofanya hivyo, safu A itaendelea kuuangalia ukurasa wa `Bei`, na siku utakapobadilisha vichwa kule, huku kila kitu kitabadilika na kuvurugika.

Sasa tushuke pamoja. Mstari wa kwanza lugha zimepishana, kwa sababu aliyeandika alianza na Kiingereza. Badilisha nafasi: Tarehe iende C, `Date` iende D. Njia ya kugundua kosa hili ni kusoma safu C peke yake kutoka juu hadi chini. Neno geni litajitokeza lenyewe.

Mstari wa maharage una njano kwenye safu ya Kiingereza. Njano ni Kiswahili, na hapa inataja aina ya maharage. Mabano hayakubeba tafsiri, yalibeba maelezo. Neno hilo linatakiwa lirudi upande wa Kiswahili, C iwe Maharage njano, na D iwe `Yellow beans`. Ukiliacha ilivyo, C inabaki Maharage tu, na maharage ya njano yatasomwa kama maharage yoyote ingawa bei zake hazilingani. Kosa la namna hii utaliona ukisoma safu D peke yake.

Mstari wa mwisho ndio wenye dalili iliyo wazi zaidi, kwani `|` bado imo ndani ya D. Maana yake kichwa kilikuwa na alama zaidi ya moja. Mkwaju uliokuwa kati ya Sh na gunia haukuwa unatenganisha lugha, ulikuwa unasema "kwa kila". Hapo andika mwenyewe: C iwe Ushuru, D iwe `Levy`, na E, safu ya kipimo, iwe Sh kwa gunia. Kila unapoiona `|` kwenye safu D ujue kuna kipimo au maelezo ya tatu ndani yake, na fomula haiwezi kukuamulia.

Jaza na vipimo vya mistari mingine kwenye E. Mazao yote kwenye mfano wetu ni Sh kwa kilo. Ni safu inayoonekana ndogo, lakini gunia halina uzito mmoja kila kijiji, na wote tunajua habari za lumbesa. Bei isiyo na kipimo chake pembeni usiilinganishe na bei yoyote.

Safu ya marudio ndiyo itakayokuokoa

Jedwali la vichwa tisa unaweza kulisoma kwa jicho. Lenye vichwa 40 jicho linachoka. Kwa hiyo kwenye F2 andika fomula hii na uishushe mpaka chini:

```
=COUNTIF(D$2:D$10,D2)
```

Inahesabu kila jina la Kiingereza limetokea mara ngapi. Panapotakiwa kuwa na 1, uwele na ulezi vitaonyesha 2, na mpunga na mchele navyo vitaonyesha 2. Hizo namba 2 ndizo mahali ambapo mtu aliyefuta Kiswahili angeunganisha mazao mawili kuwa moja. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa safu C pia, ukibadilisha D kuwa C, nayo itakuonyesha viazi na viazi kama vipo.

Ukizipata, zirekebishe kwa majina kamili. Uwele kwa Kiingereza uandike `Pearl millet`, ulezi `Finger millet`. Mpunga ni `Paddy`, na mchele ubaki `Rice`. Safu F itajibadilisha yenyewe, na ikionyesha 1 tupu kila mstari ujue hakuna majina yanayogongana. Kama namba bado ni 2 na una hakika ni kitu kile kile, labda jedwali lenyewe lina safu mbili za zao moja. Rudi kwa aliyekutumia umuulize, usiamue mwenyewe ipi ifutwe.

Tahadhari moja: majina haya yasahihishe pale tu unapojua zao lililokusudiwa. Ukikuta jedwali la Kiingereza kitupu limeandikwa `Millet` bila neno la Kiswahili, usikisie kwamba ni ulezi kwa sababu kwenu mnalima ulezi. Piga simu kwa aliyeandika. Asipopatikana, safu hiyo isitumike kupanga bei.

Rudisha vichwa kwenye jedwali la bei

Sasa una ukurasa unaoitwa `Vichwa` ambao ni kamusi yako ndogo. Nakili C2 hadi C10, nenda ukurasa wa `Bei`, simama A1, na ubandike kwa kugeuza, yaani `Paste special` kisha `Transposed`. Mstari wa vichwa utakuwa Kiswahili kitupu, neno fupi kwa kila safu: Tarehe, Mahindi, Mtama, Uwele, Ulezi, Mpunga, Mchele, Maharage njano, Ushuru. Linganisha na nakala uliyoiacha bila kuguswa, kwa safu mbili au tatu, uone kwamba bei za mchele bado ziko chini ya mchele. Mpangilio wa mistari kwenye `Vichwa` usiubadilishe kwa alfabeti kabla ya hatua hii, la sivyo majina yatarudi yakiwa yamekaa juu ya bei za mazao mengine.

Siku mnunuzi kutoka nje anapotaka jedwali la Kiingereza, huna haja ya kuanza upya. Tengeneza nakala ya ukurasa wa `Bei`, ingiza mstari mtupu chini ya vichwa, na kwenye A2 ya nakala hiyo andika:

```
=VLOOKUP(A1,Vichwa!$C$2:$D$10,2,FALSE)
```

Ivute kulia mpaka safu ya mwisho. Kila neno la Kiswahili litajitafutia Kiingereza chake kwenye kamusi. Ukiona `#N/A` juu ya safu fulani, neno hilo haliko sawa sawa na lilivyo kwenye kamusi. Mara nyingi ni herufi moja, au ni nafasi ya aina nyingine iliyokuja na maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti, ambayo `TRIM` haiifuti. Maneno yanaonekana sawa kwa macho lakini kompyuta inaona tofauti. Liandike neno upya kwa mkono pande zote mbili, litapona.

Nasisitiza ufanye hivyo kwenye nakala. Mstari wa pili wa maneno ukiuacha ndani ya jedwali unalofanyia hesabu, siku utakapopanga bei kutoka ndogo kwenda kubwa mstari huo utachanganyika na bei, na utakuwa umerudi kule kule tulikotoka.

Kwa nini Kiswahili kikae juu

Kuna maafisa wenzangu wasiokubaliana nami hapa. Wanasema vichwa vya jedwali la kazi viwe vya Kiingereza, kwa sababu takwimu zikienda juu zinasomwa kwa Kiingereza. Hoja yao ina uzito kwa yule anayepeleka taarifa wilayani kila mwezi. Lakini wewe unayetumia jedwali kuamua kama uuze leo au usubiri wiki ijayo, jina la juu liwe lile unalolitamka ukiwa kwenye mizani. Mtu anayeingiza bei akiwa sokoni kwa haraka hatakosea kati ya mpunga na mchele, kwa sababu amevishika kwa mkono. Kati ya `Paddy` na `Rice` anaweza kukosea, na kosa hilo litasafiri na jedwali hadi kwa kila atakayelisoma. Wilaya ikitaka Kiingereza, kamusi ipo na fomula ni moja.

Vile vile sisemi kila jedwali lifanyiwe kazi hii. La safu tatu utakaloliangalia mara moja na kulifuta, lisome lilivyo. Ila jedwali linalorudi kila wiki, au linalounganishwa na la kijiji cha jirani, linastahili nusu saa yako mara moja tu. Wiki ijayo vichwa vitakuwa tayari, na utabandika bei mpya chini yake.

Na wewe katibu wa kikundi unayeandaa jedwali tangu mwanzo, kwako ni rahisi kuliko wote. Usiweke lugha mbili kwenye kisanduku kimoja. Andika Kiswahili kwenye kichwa, tengeneza ukurasa wa `Vichwa` wenye Kiswahili, Kiingereza na kipimo kila kimoja kwenye safu yake, na utume faili lote. Kabla hujatuma angalia safu ya marudio. Ikionyesha 2 popote, kuna mtu atakayeuza mchele wake kwa bei ya mpunga.